Kijana anaponunua gemu: ombi linavyomfikia mzazi na fedha zinavyokatwa

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Michezo ya simu inayopendwa na vijana wa Jang'ombe, ukiwemo Free Fire na ule wa mpira wa miguu wa eFootball, hupakuliwa bila ya malipo. Fedha hudaiwa baadaye, ndani ya mchezo wenyewe, pale kijana anapotaka almasi, sarafu au mchezaji mpya wa timu yake. Hapo simu humtaka kadi ya benki, nayo hana.

Sababu ya kutokuwa nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Nambari 6 ya mwaka 2011 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyefikia umri huo. Laini anayoitumia mwanafunzi wa skuli, mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, na kwa hivyo mkoba wa fedha uliomo katika laini hiyo ni wa mzazi kisheria, hata kama simu inalala mfukoni mwa mtoto.

Kuna njia mbili ambazo mzazi anaweza kuziunganisha ili mtoto anunue bila ya kukabidhiwa mkoba. Ya kwanza ni kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma ya fedha ya simu, kama vile M-Pesa. Kadi hiyo haishikiki mkononi. Ni namba 16, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za usalama, vyote vikionekana kwenye simu ya mwenye mkoba. Ya pili ni ombi la ununuzi: mtoto anabonyeza kununua, lakini malipo hayafanyiki mpaka mzazi akubali.

Tuchukue mfano wa baba mwenye mtoto wa miaka 14, anayetaka sarafu za mchezo zenye bei ya shilingi 12,000. Mkoba wa baba una shilingi 185,000, ambazo ndani yake mna fedha za umeme na za matumizi ya wiki nzima. Jambo la kwanza la kuangalia ni aina ya kadi. Zipo kadi zinazojazwa kwanza kutoka kwenye mkoba, na zipo zinazokata moja kwa moja kwenye salio lote. Kwa kadi ya kujazwa, baba anahamisha shilingi 14,000 tu. Hata mambo yakiharibika, hasara haitavuka kiasi hicho. Kwa kadi inayokata moja kwa moja, kinachoweza kupotea ni shilingi 185,000 zote, na namba zikiwa zimeshahifadhiwa dukani, mzazi hataulizwa tena namba yake ya siri ya mkoba.

Zile shilingi 2,000 za ziada zina kazi yake. Bei inayooneshwa dukani inaweza kutofautiana kidogo na kiasi kitakachokatwa, kwa sababu ya ada au kubadilisha fedha za kigeni. Aidha, kadi inaposajiliwa dukani kwa mara ya kwanza, hukatwa kiasi kidogo cha majaribio ambacho hurejeshwa. Mzazi anayeona makato asiyoyatarajia siku hiyo asiifunge kadi kwa haraka kabla ya kuangalia kama ni hayo.

Hatua inayofuata ni kuunganisha akaunti. Kwa simu za Android, baba anapakua programu ya Family Link na kuiunganisha akaunti ya mtoto na yake. Katika mipangilio ya Google Play ya mtoto huyo atakutana na machaguo manne: `All content`, `Only paid content`, `Only in-app purchases` na `No approval required`. La kwanza linamtaka mtoto aombe ruhusa kwa kila kitu, hata mchezo wa bure. La pili linahusu vitu vya kulipia, la tatu ni manunuzi ya ndani ya mchezo peke yake, na la nne linaondoa ruhusa kabisa. Mzazi anayetaka kujua pia mtoto anapakua nini atachagua la kwanza. Wengi huliacha baada ya siku chache kwa kuchoshwa na maombi, jambo linaloeleweka, lakini wakati wa kubadilisha waangalie wasiteleze hadi la nne.

Mtoto akishabonyeza kununua, anaweza kulituma ombi kwenye simu ya mzazi, au kumpa mzazi simu yake ili aandike nywila papo hapo. Njia ya pili ni ya haraka na ndiyo inayoharibu mpango mzima, kwani nywila iliyoandikwa mbele ya mtoto mara tatu haiwi siri tena. Dalili yake ni risiti ya ununuzi inayoingia kwenye barua pepe ilhali mzazi hakumbuki kuulizwa. Kasoro hiyo hiyo ipo kwenye namba ya siri ya mkoba. Mtoto anayetumwa kwa wakala kutoa fedha huwa ameshapewa namba hiyo, na ulinzi wa programu hauwezi kuziba pengo hilo.

Lipo pengo jingine kubwa zaidi. Ombi la ununuzi hufanya kazi kwa malipo yanayopitia mfumo wa Google Play peke yake. Almasi za Free Fire zinaweza kununuliwa pia nje ya duka: mtoto anampa muuzaji namba yake ya utambulisho ya mchezo, fedha zinatumwa kwa simu, na almasi zinaingia. Family Link haitaonesha chochote. Alama pekee itakayobaki ni ujumbe wa muamala kwenye laini, kwa hivyo taarifa ya miamala ndiyo inayopaswa kusomwa. Muuzaji anayehitaji namba ya mchezo tu na yule anayedai pia nywila ya akaunti si sawa. Wa pili anaweza kuichukua akaunti yenyewe.

Kadi za zawadi nazo zina mpaka wake. Ndugu aliyeko Dubai anaweza kununua kadi ya Google Play na kumtumia mtoto msimbo wake kwa nia njema, lakini kadi hizo hufungwa kwa nchi zilikotolewa, na akaunti iliyosajiliwa Tanzania itaukataa msimbo huo. Salio likishaingizwa kwenye akaunti moja haliwezi kuhamishiwa nyingine. Ndugu huyo atasaidia zaidi akituma fedha kwa baba, na baba akajaza kadi ya mtandaoni.

Ununuzi ukifanyika kwa makosa, ombi la kurejeshewa fedha lipelekwe Google Play ndani ya saa 48. Baada ya hapo mzazi huelekezwa kwa watengenezaji wa mchezo. Ikiwa malipo yamefanywa na mtu asiyejulikana katika familia, yanaweza kuripotiwa Google ndani ya siku 120. Mzazi anaweza pia kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli aliyejifanya muuzaji wa almasi hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.