Shukrani baada ya msiba: fedha za matibabu zilizobaki zisemweje?

Matangazo mengi ya shukrani yanayoletwa kwetu kutoka Ngara na Biharamulo huishia kwenye maneno haya: "Si rahisi kumtaja kila mmoja, Mungu awabariki." Ni maneno mazuri, lakini aliyechanga hubaki na swali asiloliuliza kwa sababu ya heshima ya msiba: ile hela ya matibabu ilitosha? Na kama mgonjwa alifariki kabla haijaisha, ilikwenda wapi?

Swali hilo halina ubaya, na mkoa wetu unalijua. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, watu wa ndani na nje ya nchi walichangia waathirika wa Kagera. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili mkoani kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Januari 2017 akasema Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba michango inakwenda kwenye taasisi za umma kama shule. Wengi waliopoteza nyumba walikuwa wametarajia vingine. Somo tunalolipata hapo ni kwamba mchango una lengo kichwani mwa mtoaji, na lengo likibadilika, aambiwe.

Kwenye familia, lengo hubadilika ghafla. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgonjwa wa Ngara anapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Ndugu, majirani na wanakikundi wanachanga shilingi 2,140,000. Usafiri wa kwenda unachukua 280,000, matibabu 1,030,000, chakula na malazi ya wauguzaji 210,000, na makato ya kutoa fedha kwenye simu 24,000. Jumla ni 1,544,000. Mgonjwa anafariki zikiwa zimebaki 596,000.

Hapo mweka hazina asiendelee kuandika kwenye ukurasa uleule. Apige mstari, aandike bakaa, kisha familia ikae na wazee na mwakilishi wa kikundi kuamua fedha hizo zihamie kwenye mazishi. Uamuzi huo utangazwe palepale msibani kabla fedha haijatumika. Ukurasa mpya uanze na 596,000, ndipo rambirambi ziongezwe. Zikiwa 1,365,000, familia ina 1,961,000. Gari la kurudisha mwili 850,000, jeneza 350,000, chakula 480,000, saruji na matofali ya kaburi 175,000. Zimetumika 1,855,000, zimebaki 106,000.

Hesabu nyingi huharibika mahali pawili. Kwanza ni ahadi: mtu anasema "niandikie elfu hamsini", inaandikwa na kujumlishwa, lakini haifiki. Ahadi iwe na safu yake. Pili ni mchango wa simu uliotumwa kwa namba ya mtu mwingine na kuandikwa mara mbili, na aliyeupokea na aliyeukabidhi. Dalili yake ni kwamba daftari linaonyesha fedha nyingi kuliko zilizopo mkononi. Likitokea hilo, linganisheni daftari na ujumbe wa simu mmoja baada ya mwingine kabla ya kumshuku mtu.

Baada ya kuanua matanga, tangazo linaweza kusomeka hivi:

"Familia inawashukuru wote mliotuchangia wakati wa ugonjwa na msiba wa mama yetu. Kwa matibabu mlitupa shilingi 2,140,000. Zilitumika 1,544,000 kwa usafiri, matibabu na mahitaji ya wauguzaji. Zilizobaki, 596,000, tulikubaliana msibani zihamie kwenye mazishi. Pamoja na rambirambi zenu za 1,365,000, tumelipa gari, jeneza, chakula na kaburi. Zimebaki 106,000, nazo zitanunua sare na madaftari ya watoto aliowaacha. Tunawashukuru pia mlioleta ndizi, maharage na kuni, mliochota maji na mliolala nasi. Daftari liko kwa mweka hazina. Mchangiaji anakaribishwa kuliona."

Angalia kwamba tangazo halikutaja ugonjwa wala kiasi cha mtu mmoja mmoja. Ugonjwa ni siri ya marehemu. Na aliyetoa elfu mbili akisikia jirani ametajwa kwa laki moja, msiba ujao anaweza kuona haya kuja. Majina na viasi vibaki daftarini.

Kama fedha hazikutosha, semeni deni lililobaki na nani atalilipa, lakini msiligeuze tangazo la shukrani kuwa ombi jipya. Na kama risiti fulani imepotea, andikeni daftarini "hakuna risiti", kiasi, na jina la aliyelipa. Watu waliolala nanyi kwenye turubai watalielewa hilo kuliko hesabu iliyonyooshwa kwa kubahatisha.