Mama Anapokataa Mtoto Apimwe Maji ya Mgongo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza jinsi muuguzi anavyompokea mtoto mwenye degedege. Leo naendelea na jambo lililonisumbua kuliko yote katika mafunzo yangu ya vitendo mwaka huu wa mwisho: mzazi anapokataa kipimo cha maji ya uti wa mgongo.

Mtoto alikuwa wa mwaka na nusu. Alikuwa na homa kali, shingo imekaza, na kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Daktari alishuku homa ya uti wa mgongo. Akamweleza mama harakaharaka na kumpa fomu ya ridhaa. Mama akairudisha. "Mniue mimi kwanza," akasema, akamkumbatia mwanawe.

Dawa haikusubiri: seftriaksoni ilianza palepale kwenye mshipa, maana ikichelewa ubongo huumia. Lakini bila kipimo ni vigumu kujua ni bakteria gani na dawa itolewe siku ngapi.

Nilivuta stuli nikakaa karibu naye. Sikurudia maneno ya daktari. Nilimuuliza, "Dada, umesikia nini kuhusu kipimo hiki?"

"Mtoto wa jirani walimdunga mgongoni jioni. Kesho yake tukazika."

Mama huyu hakuwa mkaidi, aliyasema aliyoyaona. Wanaopimwa maji ya mgongo mara nyingi ni watoto waliokwisha kuzidiwa. Baadhi hufa kwa ugonjwa wenyewe, na mtaani inabaki kukumbukwa sindano. Kumwambia hizo ni imani potofu kungekuwa kuukana msiba wa jirani yake.

Nilimpa pole kwanza. Kisha nikamwonyesha kiunoni kwangu, usawa wa mifupa ya nyonga, mahali sindano inapopita. Uti wenyewe huishia juu ya hapo. Chini yake kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea ndani yake. Huchukuliwa matone tu, na mwili hutengeneza mengine. Sikumficha kwamba mtoto atalia, wala kwamba daktari huahirisha kipimo akiona dalili za shinikizo kubwa kichwani, kwa kuwa hapo hatari ni ya kweli.

Nikamwomba anieleze kama atakavyomweleza baba mtoto. Akasema, "Mnamtoa maji ili homa ishuke." Kumbe! Alikuwa amekubali kwa kichwa kitu kingine kabisa. Nilimweleza upya kwamba maji yanakwenda maabara, na kinachotibu ni dawa inayoingia mkononi. Safari hii akaeleza sawasawa, akampigia mumewe na kumweleza mwenyewe. Mume aliuliza jambo moja: je, mtoto atatembea? Daktari akaichukua simu akamjibu.

Fomu ilitiwa saini. Maji yalitoka na ukungu, badala ya kuwa maangavu kama inavyotakiwa, na seftriaksoni ikaendelea huku maabara wakitafuta bakteria. Mama alikaa upande wa kichwa cha mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyoomba.