Zoezi la mahojiano ya kazi pamoja na rafiki: karatasi ya mistari mitano

Vijana wengi wa makanisa yetu wakiitwa kwenye mahojiano ya kazi humwomba rafiki awaulize maswali jioni ya kuamkia siku ile. Rafiki anauliza, kijana anajibu, na mwishoni rafiki anasema: "Umejibu vizuri, usiogope tu." Wote wawili wanaenda kulala, na kesho yake kijana anajibu vilevile kama angejibu bila zoezi. Neno "usiogope" halimwonyeshi mtu kitu cha kubadilisha. Tunataka kueleza namna ya kufanya zoezi hilo ili jibu la pili liwe bora kuliko la kwanza, na rafiki aweze kuonyesha kwa karatasi limekuwa bora wapi.

Wanaouliza wanatafuta nini

Katika mashirika mengi, watu wawili au watatu huketi pamoja, huwauliza waombaji wote maswali yaleyale, na kila mmoja huandika alama kwa kila swali. Mara nyingi swali linaomba tukio lililopita: "Tueleze siku uliyokutana na tatizo fulani. Ulifanya nini?" Wanangoja kusikia tatizo lilikuwa nini, mwombaji mwenyewe alitenda nini, na mambo yaliishaje. Hata kama kijana alifanya kazi nzuri sana, wao hawawezi kutoa alama kwa jambo ambalo hawakulisikia.

Karatasi yenyewe

Rafiki achukue karatasi na kuandika mistari mitano. Kila mstari uwe jambo linaloweza kuhesabiwa au kusikika, si maoni yake.

1. Swali lilianza kujibiwa kwenye sentensi ya ngapi?
2. Jibu lilichukua muda gani kwa saa ya simu?
3. Je, alitaja tukio moja, pamoja na mahali na wakati?
4. Katika kueleza matendo, alisema "nilifanya" mara ngapi, na "tulifanya" mara ngapi?
5. Je, alisema mambo yaliishaje, kwa hesabu au kwa ishara inayoonekana?

Mambo kama "ujasiri" au "sura nzuri" yasiandikwe, kwa sababu mtu akiambiwa "ongeza ujasiri" hajui aanzie wapi. Akiambiwa "umeanza kujibu kwenye sentensi ya nne", anajua.

Mfano wa dada anayeomba kazi ya depo

Tuchukue mfano wa dada anayeomba kazi ya kutunza depo ya dawa. Rafiki anamuuliza: "Tueleze siku uliyokuta hesabu ya depo hailingani na kadi ya stoki. Ulifanya nini?" Dada anajibu:

"Kwanza ninawashukuru kwa nafasi hii. Kama mnavyojua, kazi ya depo si rahisi. Kwetu tulikuwa timu yenye umoja. Siku moja tulikuta dawa hazilingani na kadi, tukahesabu, tukatafuta, tukaelewana, na baadaye mambo yakawa sawa."

Rafiki anaandika: sentensi ya nne, sekunde 25, tukio lipo, lakini bila mahali wala wakati, "nilifanya" 0, matendo yote ni ya "sisi", matokeo hayaonekani. Jibu ni la adabu, lakini anayetoa alama hana cha kuandika.

Mistari mingi ina upungufu, lakini rafiki asiitaje yote kwa mara moja. Mtu anayejaribu kurekebisha mambo manne katika jibu moja huchanganyikiwa na kurudia lile la kwanza. Achague mstari mmoja, aulize swali lilelile papo hapo, kisha achague mstari mwingine. Kwa dada huyu tungeanza na mstari wa nne. Rafiki amuulize tu: "Wewe mwenyewe, mikono yako ilishika nini siku ile?" Katika mzunguko wa tatu amuulize: "Ilikuwa lini na wapi, na ulijuaje kwamba tatizo limekwisha?" Baada ya mizunguko hiyo jibu linakuwa hivi:

"Mwezi wa 3 mwaka jana, katika depo ya kituo cha afya, kadi ilionyesha maboksi 240 ya dawa ya malaria, lakini nilihesabu 228. Nilihesabu mara ya pili mbele ya muuguzi mkuu. Kisha nilichukua hati zote za kutolea dawa za mwezi ule na kuzilinganisha na kadi, moja moja. Nilikuta hati mbili ambazo hazikuandikwa kwenye kadi: moja ya maboksi 8, nyingine ya 4. Niliandika ripoti, muuguzi mkuu akatia sahihi. Tangu pale sikutoa boksi lolote kabla ya kuandika kwenye kadi. Hesabu za miezi mitatu iliyofuata zililingana."

Hakuna neno la kujisifu hapo. Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba anayesema "mimi, mimi" ana kiburi, na hata ushuhuda wetu kanisani huanza kwa salamu ndefu na shukrani. Katika mahojiano, salamu moja fupi mlangoni inatosha. Kusema nani alihesabu na nani alitia sahihi ni kueleza kazi kwa ukweli, na muuguzi mkuu pia amepata sehemu yake.

Mambo yanayoharibu zoezi

La kwanza ni rafiki anayesaidia. Kijana akinyamaza, rafiki anammalizia sentensi. Kamati haitafanya hivyo. Basi rafiki anyamaze, hata sekunde kumi zikipita. La pili ni lugha. Kama mahojiano yatafanyika kwa Kifaransa, zoezi lifanyike kwa Kifaransa, maana jibu lililonyooka kwa Kiswahili linaweza kukwama pale. La tatu ni kuongeza jambo ambalo halikutokea. Mbali na kuwa uongo, wanaouliza hufuatilia: "Hati hizo nani alikuwa amezitia sahihi?" Tena wanaweza kumpigia simu mkubwa wako wa zamani.

La nne ni kukariri. Utalitambua hivi: jibu linatoka kwa maneno yaleyale, na swali likibadilishwa kidogo kijana anapotea. Kwa hiyo siku inayofuata rafiki aulize swali ambalo halikutayarishwa, kwa mfano: "Tueleze siku uliyokosana na mwenzako kazini." Ajaze karatasi mpya na kuiweka kando ya ile ya kwanza. Kama sentensi ya kuanza kujibu imetoka ya nne hadi ya kwanza au ya pili, na "nilifanya" na matokeo vimeonekana bila kukumbushwa, basi kijana amejifunza. Kama mistari imerudi ilivyokuwa, alikuwa amekariri jibu moja tu, na inafaa waendelee na maswali mengine mawili au matatu.

Mipaka yake

Rafiki asiyejua kazi ya depo hawezi kusema kama utaratibu wa kuhesabu ulikuwa sahihi. Kwa hilo atafutwe mtu wa kazi hiyo, walau kwa dakika kumi. Tena karatasi hii haimsaidii kijana mahali ambapo kazi inauzwa kwa pesa au kwa mwili. Huko hakuna jibu la kuboresha. Aondoke na kumwambia mtu mzima anayemwamini.

Mahali ambapo alama zinatolewa kwa haki, zoezi la nusu saa kwa siku mbili, pamoja na karatasi mbili na simu yenye saa, linatosha kuanza. Lianze siku tatu kabla ya mahojiano, ili jioni ya mwisho kijana alale.