Ukialikwa Ndoa Msikitini

Kadi huwa fupi: ndoa itafungwa Jumamosi, msikiti wa mtaani, baada ya swala ya Alasiri, kisha chakula nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi. Kwa Mwislamu kadi hiyo haina la kuuliza. Kwa mfanyakazi mwenzake aliyekulia kanisani, na ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha msikiti, ina maswali matatu au manne, na la kwanza ni kama anaruhusiwa kuingia.

Kwa kawaida, ndiyo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa madhehebu hiyo asiye Mwislamu anaweza kuingia msikitini akipewa ruhusa na Mwislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Mwaliko ni ruhusa tosha. Hata hivyo kila msikiti una kamati yake na msimamo wake, kwa hiyo ni vyema bwana harusi aulizwe mapema. Swali kama hilo halimkwazi mtu. Linamkwaza zaidi mgeni aliyesimamishwa mlangoni mbele za watu.

Mwanamke aliyealikwa asikilize kadi kwa makini zaidi. Katika ndoa nyingi za pwani wanaume ndio wanaokwenda msikitini, na wanawake hukutana nyumbani kwa bibi harusi. Bibi harusi mwenyewe mara nyingi hayupo msikitini. Ridhaa yake huwa imekwisha kuchukuliwa, na anayezungumza kwa niaba yake ni walii, yaani baba yake au ndugu wa kiume mwenye haki hiyo. Pale wanawake wanapoalikwa msikitini, huwa na sehemu yao, ghorofani au nyuma ya pazia, na mara nyingi mlango wao ni mwingine kabisa. Anayefika peke yake afuate wanawake wenzake, asifuate umati wa mlango mkubwa.

Mavazi hayana fumbo. Mwanamume avae suruali ndefu na shati lenye mikono. Kanzu na kofia si sharti, ingawa akiazimwa na rafiki yake hakuna atakayemcheka. Kaptura ibaki nyumbani, pamoja na fulana yenye picha kubwa ya mtu au mnyama kifuani, kwa sababu atakayeswali nyuma yake ataitazama picha hiyo. Mwanamke avae nguo pana inayofika vifundoni, mikono ifunikwe hadi viganjani, na mtandio ufunike nywele na shingo. Mtandio mwepesi unaoteleza ni usumbufu. Wa pamba hukaa vizuri zaidi. Baibui si lazima.

Viatu ndivyo vinavyowaumbua wengi. Huvuliwa kabla ya zulia au mkeka kuanza, na mpaka huo huonekana wazi: hapo ndipo zinapoanza kapeto za miguu ya wenzake. Mgeni asivue kiatu kisha akakanyage sakafu yenye maji ya udhu akiwa na soksi, halafu akapanda na unyevu huo kwenye zulia. Soksi ziwe safi, maana zitaonekana alasiri nzima. Viatu visiwe vya bei mbaya wala vigumu kufunga. Siku ya harusi mlangoni hujaa jozi nyeusi zinazofanana, na kuondoka na kiatu cha mwingine ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Waswalihina wenyewe huvibeba viatu mkononi, soli kwa soli, au huvitia kwenye mfuko wa plastiki.

Sasa saa. Kadi inaposema "baada ya Alasiri" inafuata saa ya swala, nayo husogea kidogo mwaka mzima kwa sababu inafuata jua. Karibu na kibla huwa kuna ubao au saa ya umeme inayoonyesha nyakati zote tano. Dar es Salaam adhana ya Alasiri huwa kama saa 9 na nusu, jamaa husimama dakika chache baadaye, na swala yenyewe haizidi kama dakika 10. Mgeni akifika wakati watu wamekwisha simama, asiingie kutafuta nafasi. Akae kwenye baraza nje, anyamazishe simu, asubiri imamu atoe salamu. Hatakiwi kuswali, na hakuna anayetarajia ajipange katika safu kwa adabu tu.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea baada ya salamu hiyo, wakati mgeni anapodhani swala imekwisha. Waliochelewa bado wanakamilisha rakaa zilizowapita, mmoja hapa, mwingine pale. Kupita kati ya anayeswali na mahali anaposujudu ni jambo linalokatazwa vikali, na anayeswali anaweza kunyoosha mkono kumzuia mpitaji. Njia salama ni kupita nyuma yao au kungoja. Dalili ni rahisi kuisoma: anayeswali hutazama chini mahali pake pa kusujudia na haitikii salamu, aliyemaliza hugeuka, huzungumza, hutoa mkono.

Wengi hudhani nyuma kabisa ndiko kunakomfaa mgeni. Kuna walakini, kwa sababu waliochelewa sana huanzisha jamaa yao nyuma. Pazuri zaidi ni pembeni, kwenye ukuta wa upande au karibu na nguzo, ambapo hakuna safu itakayokatika. Mbele, kwenye mihrabu, huwekwa sheikh, bwana harusi, walii na mashahidi wawili. Mgeni akivutwa mbele na wenyeji, aende, asijipeleke. Watu hukaa chini, miguu imekunjwa. Kunyoosha miguu kuelekea kibla, au kuelekea rafu ya misahafu, huonekana utovu wa adabu. Mwenye magoti mabovu aombe kiti. Misikiti mingi ina viti vya wazee kando.

Ndoa yenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyotarajia. Sheikh husoma hotuba kwa Kiarabu, huongeza mawaidha kwa Kiswahili, halafu walii na bwana harusi hushikana mkono. Walii hutamka kuwa amemuoza binti yake kwa mahari yaliyotajwa, na bwana harusi hujibu kwamba amekubali. Hapo hapo sauti zishuke. Mashahidi lazima wasikie maneno hayo waziwazi, na simu ikilia wakati huo huenda maneno yakarudiwa. Picha zipigwe tu ikiwa wenyeji wanapiga, na bila kumsogelea sheikh. Dua ikisomwa wengine huinua viganja na kuitikia amini. Mgeni akikaa kimya ametosha.

Baada ya dua huja haluwa na kahawa, au maboksi ya vitafunio, na pengine mtu hupita na chetezo cha udi au marashi ya waridi. Haluwa huchukuliwa kwa mkono wa kulia. Bahasha ya zawadi haitolewi hapo. Inakwenda nyumbani, kwenye chakula. Nako huko, mwanamume asimtangulizie mkono mwanamke asiye wake: angoje yeye aanze, na asipoanza, mkono kifuani na shikamoo kwa mwenye umri vinatosha.

Anayetaka kujizoeza kabla ya siku ya kadi ana misikiti iliyozoea wageni. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 kwenye ukuta wa kibla, bado unaswaliwa na bado hupokea watalii nje ya nyakati za swala. Kampala, kwenye msikiti mkuu wa Old Kampala, mwanamke asiye na mtandio huazimwa mlangoni.