Damu ya Nani? Jinsi ya Kusoma Chati ya Ukoo

Mtoto anapopatwa na ugonjwa wa kurithi, wakubwa huanza kuulizana umetoka upande gani. Mara nyingi jibu hutolewa kwa hasira, na anayelipa gharama yake ni mke.

Tuchukue familia ya mfano. Askari wa kambi ya Jinja, mzaliwa wa Busoga, amemwoa binti wa Mbale. Wamejaliwa mabinti wawili walio wazima na mvulana wa miaka sita mwenye selimundu: macho yake huwa ya manjano, mifupa humuuma, na mara kwa mara hupungukiwa damu. Jamaa wa mume wakakumbuka kwamba kaka wa mke naye alifariki utotoni kwa dalili hizo hizo. Wakahukumu: damu mbaya imetoka Mbale, na mke arudishwe kwao.

Kabla ya hukumu, na wachore chati. Mwanamume huchorwa kama mraba, mwanamke kama duara. Mstari wa kulala huunganisha mume na mke, na mstari wa kushuka huwafikia watoto wao. Mgonjwa hujazwa wino. Mzima huachwa mweupe.

Swali la kwanza: je, kila mgonjwa ana mzazi mgonjwa? Ikiwa sifa ni tawala, nakala moja tu ya jeni iliyotoka kwa mzazi mmoja yatosha kuonekana, hivyo kwa kawaida haipiti kizazi kwa siri. Hapa baba mweupe na mama mweupe wamezaa mraba mweusi, na babu na bibi wa Mbale vivyo hivyo. Kwa hiyo sifa hii ni fifi: hujificha kwa wazazi, ikadhihirika kwa mtoto aliyepata nakala mbili.

Swali la pili ndilo linalowapoteza wengi: je, sifa hiyo hufuata jinsia? Katika chati yetu wagonjwa wote ni wanaume, tena wa upande wa mama. Hivyo ndivyo inavyoonekana hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda. Jeni yake imo katika kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kumkinga. Mpaka hapo, wanaomlaumu mke wanaweza kudhani chati inawaunga mkono.

Lakini chati haijakamilika. Mama wa mume anapoulizwa kwa upole, anakiri kwamba alizaa pia binti, aliyefariki akiwa na miaka mitatu baada ya vidole kuvimba na macho kuwa manjano. Wakati ule ilisemwa amerogwa, na jina lake halikutajwa tena. Duara hilo linapochorwa na kutiwa wino, hukumu inageuka. Ili msichana augue kwa njia ya X fifi, hupaswa kupata X yenye kasoro kwa mama na nyingine kwa baba, na baba huyo angekuwa mgonjwa. Babu wa Busoga alikuwa mzima maisha yake yote. Basi sifa hii haifuati jinsia, na imo katika koo zote mbili. Mvulana alipokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba.

Yawezekanaje koo mbili zisizo na undugu zikutane hivyo? Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, wapatao 13 walibeba nakala moja. Nakala hiyo moja humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imedumu katika nchi zenye mbu wengi.

Chati ina mipaka yake. Familia ndogo haitoi ushahidi wa kutosha, na si kila mtoto aliyekufa na homa ya manjano alikuwa na selimundu. Chati huonyesha nani apimwe; jibu la mwisho hutoka katika maabara, kwa kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini.

Na wa kupimwa yupo. Mume ana mdogo wake, polisi mzima wa afya, anayejiandaa kuoa. Watoto wa wazazi wawili wabebaji hugawanyika hivi: mmoja kati ya wanne huugua, wawili hubeba, mmoja huwa huru. Kwa kuwa yeye si mgonjwa, wamebaki watatu, na wawili kati yao ni wabebaji. Basi yeye na mchumba wake wapimwe kabla ya ndoa. Wakiwa wote wabebaji, kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, hata kama aliyetangulia ni mzima.

Na mke wa Mbale? Abaki nyumbani kwake. Mtoto ni wa wote wawili, na ugonjwa wake vilevile.