Orodha ya Januari

Mwishoni mwa Desemba tangazo la shule ya msingi hubandikwa kwenye ubao, kisha picha yake ikazunguka kwenye simu za wazazi. Baada ya maneno ya kuwakaribisha watoto huja tarehe. Mwaka 2024 shule za msingi za serikali Tanzania Bara zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 8 Januari. Chini ya tarehe kuna orodha ya mahitaji, na hapo ndipo wazazi wengi hupoteza fedha.

Ada haimo katika orodha hiyo, maana shule za serikali hazitozi. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 unamwachia mzazi vitu kama sare, madaftari na kalamu.

Tuchukue mtoto wa miaka sita anayeanza darasa la kwanza. Tangazo linamtaka alete madaftari, penseli, kifutio, kichongeo na ufagio. Mama yake anaona kaunta buku moja nene itadumu mwaka mzima, basi anainunua. Wiki ya kwanza mwalimu anakusanya kazi za kuandika ili akasahihishe, na kaunta buku inaondoka na kila kitu. Kipindi cha hesabu kikifika, mtoto hana pa kuandikia. Ndiyo maana tangazo huomba daftari jembamba kwa kila somo: moja likiwa mezani kwa mwalimu, mengine yanabaki mkobani.

Mistari nayo ina kazi yake. Mkono wa miaka sita bado huandika herufi kubwa kubwa, kwa hiyo mistari iliyobanana humfanya apandishe herufi juu ya nyingine. Daftari la hesabu lenye miraba humsaidia kuweka tarakimu moja katika kila mraba, makumi yasichanganyike na mamoja. Mtajie muuza duka darasa la mtoto kabla hajakupa daftari lolote.

Penseli hupotea kuliko kitu kingine chochote. Kwangua rangi kidogo upande wa nyuma, uandike jina kwenye mti ulio wazi. Ufagio pia ufungwe kitambaa chenye jina. Na kabla ya kuununua, uliza ni wa uwanjani au wa darasani: wa chelewa hukusanya majani vizuri, lakini vumbi la sakafuni linataka ufagio laini.

Yanabaki viatu vyeusi. Wengi hununua vikubwa ili mtoto akue navyo, kisha kisigino kinapanda na kushuka njia nzima mpaka kinachubuka. Mvalishe na soksi, asimame wima, kisha bonyeza mbele ya kidole gumba cha mguu. Nafasi ya upana wa kidole chako kimoja inatosha. Avivae nyumbani siku chache kabla shule haijafunguliwa. Kama vinambana au vinamchubua, utajua mapema, wakati muuzaji bado anakubali kukubadilishia.