Sentimita Moja Iliyojificha Mdomoni mwa Bomba

Juzi mjukuu wangu wa kidato cha nne aliniletea daftari lake la fizikia nimsaidie kukagua ripoti ya jaribio. Mwishoni mwa ukurasa palikuwa na jibu: kasi ya sauti ni mita 340 kwa sekunde. Lakini karatasi hapo ilikuwa imesuguliwa kwa raba hadi ikakaribia kutoboka. Nilipoliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha, niliiona tarakimu iliyofutwa: 323.6.

"Babu, hiyo ya kwanza ilikataa kufika," akaniambia bila haya. "Kitabu kinasema 340, kwa hivyo nikapika kidogo."

Nikamwambia kwamba ametupa tarakimu ya kweli na kuweka ya uongo. Msomaji ataniuliza: vipi iwe ya kweli ilhali haikukaribia jibu? Hapo ndipo pana utamu wa jaribio hili.

Vifaa vyake si vingi. Kuna uma wa sauti, yaani kile chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hutetemeka kwa idadi maalumu ya mitetemo kila sekunde. Kuna bomba la kioo lililo wazi pande zote mbili, na silinda ndefu iliyojazwa maji. Bomba huzamishwa majini, kisha uma unagongwa kwenye kipande cha mpira (si kwenye meza, jamani, maana meno huharibika) na kushikiliwa juu ya mdomo wa bomba. Bomba huinuliwa polepole. Kwa muda hakuna la maana linalosikika. Ghafla, kwa urefu fulani wa hewa iliyo kati ya maji na mdomo, sauti inavimba na bomba lote linavuma. Wanafunzi huita hali hiyo resonansi. Mimi napenda kuiita mvumo, kwa sababu ndivyo sikio linavyoipokea. Ukiendelea kuinua, sauti inafifia, halafu mbali zaidi juu inavuma tena.

Mvumo wa kwanza hutokea hewa ya bombani inapokuwa na urefu wa robo ya wimbi. Majini hewa haina nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Mdomoni ndiko inakocheza kwa uhuru wote. Kutoka utulivu kamili hadi mchezo kamili ni robo ya wimbi. Basi hesabu inaonekana rahisi: pima urefu huo, zidisha kwa nne upate wimbi zima, kisha zidisha kwa idadi ya mitetemo ya uma.

Mjukuu wangu alifanya hivyo hasa. Uma wake ulikuwa wa mitetemo 512 kwa sekunde. Mvumo wa kwanza aliupata kwenye sentimita 15.8. Mara nne ni sentimita 63.2, na mara 512 ni mita 323.6 kwa sekunde. Hesabu haina dosari hata moja. Nilimuuliza darasani kulikuwa na joto kiasi gani, akasema kipimajoto kilionyesha nyuzi 22 za Selsiasi.

Sasa, kasi ya sauti hewani kwenye nyuzi sifuri ni takribani mita 331.3 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ikiongezeka, kasi huongezeka kwa kama mita 0.6. Kwenye nyuzi 22 tunatarajia mita 344.5. Kwa hivyo hata ile 340 aliyoipika haikuwa jibu la chumba chake. Na ukigeuza hesabu, utaona kwamba ili sauti iende kwa mita 323.6, ingebidi maabara yake iwe na baridi ya nyuzi 13 chini ya sifuri. Hakuna shule ya Kenya yenye maabara kama hiyo!

Wengine hukimbilia kusema ati ni urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. La. Hewa ya juu ina shinikizo dogo, lakini pia ni nyepesi kwa kiwango kile kile, na mambo hayo mawili yanafutana. Sauti ikienda kasi zaidi Mombasa kuliko Nairobi, sababu kubwa ni joto.

Kosa liko mdomoni mwa bomba. Sisi tulidhani hewa inacheza hadi kwenye ukingo wa kioo na kuishia hapo. Lakini hewa haijui ukingo. Kile kitonge cha hewa kilicho nje kidogo ya mdomo husukumwa na kuvutwa pamoja na ile ya ndani, kwa hivyo bomba linavuma kana kwamba ni refu kuliko linavyoonekana kwa rula. Kipande hicho cha ziada ndicho kinachohitaji sahihisho la ncha. Kwa bomba la duara lenye ukuta mwembamba, urefu wake ni karibu 0.6 ya nusu-kipenyo. Tarakimu hiyo haikupatikana kwa kubahatisha: mwaka 1948 Harold Levine na Julian Schwinger, yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, waliikokotoa kinadharia wakapata 0.6133 kwa sauti zenye mawimbi marefu yakilinganishwa na upana wa bomba.

Bomba la mjukuu lilikuwa na kipenyo cha sentimita 3.4. Sahihisho basi ni kama sentimita moja. Ni padogo, lakini ukipunguza sentimita moja kwenye kumi na saba, umepoteza asilimia sita ya jibu. Na tazama: kurudia jaribio mara ishirini na kutafuta wastani hakungemsaidia, kwa kuwa kosa hili linavuta upande mmoja tu kila mara.

Dawa ilikuwa kwenye daftari lile lile. Alikuwa ameandika mvumo wa pili, sentimita 49.5, halafu hakuutumia. Mvumo wa pili hutokea kwenye robo tatu za wimbi, na nao umepungukiwa na kipande kile kile cha mdomoni. Ukiondoa wa kwanza kwenye wa pili, kipande hicho kinajifuta chenyewe, hata kama hujui urefu wake. Tofauti ni sentimita 33.7, ambayo ni nusu ya wimbi. Wimbi zima ni 67.4, na mara 512 ni mita 345.1 kwa sekunde.

Tukatafuta na sahihisho lenyewe: chukua mvumo wa pili, toa mara tatu ya ule wa kwanza, kisha gawa kwa mbili. Yaani 49.5 toa 47.4, nusu yake ni sentimita 1.05. Ile kanuni ya 0.6 inatoa 1.02. Nilimwonya asishangilie sana, kwani kosa la milimita moja kwenye mvumo wa kwanza hugeuka milimita moja na nusu hapa, na sikio la mtu haliwezi kupata kilele cha mvumo kwa urahisi hivyo. Ndiyo maana bomba huinuliwa na kuteremshwa mara kadhaa, na uma usibanwe mdomoni hadi ukauziba, la sivyo sahihisho lenyewe linabadilika.

Akaniuliza kama airudishe ile 323.6. Nikamwambia airudishe kwa wino, na chini yake aandike 345.1 na nyuzi 22.